Somo la robo hii: Barua mbili za mtumishi wa kuazimwa anayeondoka kabla ya muda

Wapendwa wanakamati wa parokia, na ninyi wafadhili wetu,

Katika vituo vingi vya afya vinavyomilikiwa na makanisa hapa Tanzania, baadhi ya wauguzi na matabibu si waajiriwa wa kanisa. Wameajiriwa na Serikali kupitia halmashauri za wilaya, kisha wakaazimwa kwa kituo cha kanisa kwa muda uliopangwa. Ushirikiano huo ni wa siku nyingi, na uliwekewa misingi katika Mkataba wa Maelewano wa mwaka 1992 kati ya Serikali na makanisa.

Kamati nyingi zinajua namna ya kumpokea mtumishi wa kuazimwa. Mtumishi huyo anapotaka kuondoka kabla ya muda wake, hapo ndipo tunapokwama. Barua moja ikiandikwa vibaya, muuguzi anaweza kupoteza mshahara, wodi ya wazazi ikabaki bila mkunga, na fedha za wafadhili zikakosa maelezo. Kwa hiyo katika toleo hili tunajifunza jambo moja tu: kwa nini barua ziwe mbili, na kila moja iseme nini.

Nani mwajiri, nani mwenyeji?

Mtumishi wa kuazimwa ana wakubwa wawili, lakini mwajiri wake ni mmoja. Halmashauri ndiyo iliyomwajiri. Inamlipa mshahara, inatunza jalada lake, inampandisha cheo na kupeleka michango yake ya pensheni. Kituo cha kanisa ni mwenyeji. Kinampangia zamu, kinamsimamia kila siku, na mara nyingi kinampa nyumba au posho ya nyongeza kama makubaliano yanavyosema.

Kwa sababu hiyo, mtumishi hawezi kuacha kazi kwa mwenyeji, maana mwenyeji hakumwajiri. Wala hawezi kuamua peke yake kwamba muda wa kuazimwa umekwisha, maana makubaliano yalitiwa saini na taasisi mbili. Anachoweza kufanya ni kumwomba mwajiri amrejeshe, na kumpa mwenyeji taarifa mapema ili ajipange. Hayo ni mambo mawili tofauti kwa watu wawili tofauti, na ndiyo maana barua ni mbili.

Mfano wetu

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo, ila mambo yaliyomo si mageni kwa yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya kituo.

Muuguzi mkunga mmoja aliazimwa na halmashauri kwa kituo cha afya cha parokia kwa miaka miwili, kuanzia tarehe 1 Julai 2024 hadi 30 Juni 2026. Makubaliano yalisema kwamba upande wowote ukitaka kuyasitisha kabla ya muda utoe notisi ya siku 60. Mshahara wake ulilipwa na halmashauri. Kituo kilimwongezea posho ya shilingi 200,000 kwa mwezi kutoka fedha za wafadhili.

Mwezi Agosti 2025 mama yake alipata kiharusi. Muuguzi ni mtoto pekee aliye karibu, na mama anaishi mjini kwenye makao makuu ya wilaya, saa nne kwa basi kutoka kituoni. Akaamua kuomba arudi. Kulikuwa pia na jambo la pili ambalo hakulisema mbele ya kamati: posho ya Julai na Agosti ilikuwa haijalipwa.

Jioni moja aliandika barua kwa haraka. Ilikuwa moja tu, imeelekezwa kwa Paroko, na nakala kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. Kichwa chake kilisema: "YAH: KUJIUZULU". Ndani aliandika kwamba ataondoka "mwishoni mwa mwezi" kwa sababu za kifamilia, na kwamba amechoka kuahidiwa posho isiyokuja. Kwa bahati njema alimwonyesha katibu wa kamati kabla ya kuituma. Yule katibu, mwalimu mstaafu aliyewahi kufanya kazi masjala, akamwambia: "Mwanangu, barua hii ikifika kule itakufukuzisha kazi wewe mwenyewe."

Makosa manne katika barua ile

Kosa la kwanza ni neno *kujiuzulu*. Karani wa masjala hajui habari za mama mgonjwa. Anasoma kichwa cha barua, anaiweka kwenye jalada, na jalada linakwenda kwa afisa utumishi. Kujiuzulu maana yake ni kuacha ajira yote. Jina linaweza kuondolewa kwenye orodha ya mishahara kabla mtu hajaulizwa alimaanisha nini, na kulirudisha ni kazi ya miezi.

Kosa la pili ni kumweka mwajiri kwenye nakala. Nakala ni ya kujua tu, haimtaki mtu ajibu. Muuguzi alihitaji jibu la maandishi linalosema arudi lini na aripoti wapi. Ombi lisiloelekezwa kwa mwenye uamuzi halina wa kulijibu.

Kosa la tatu ni tarehe. "Mwishoni mwa mwezi" si tarehe, na pia haikutimiza siku 60. Hapa wengi huchanganya. Wamesikia kwamba sheria ya ajira ya mwaka 2004 inataja notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, wakadhani inawatosha. Notisi hiyo ni ya kuvunja mkataba wa ajira. Kusitisha kuazimwa hakuvunji ajira, kwa hiyo kinachofuatwa ni muda ulioandikwa kwenye makubaliano ya kuazimwa.

Hatari ya tarehe isiyo wazi ni siku zinazobaki katikati. Mwenyeji anajua mtumishi ameondoka, mwajiri hajui kwamba anakuja. Katika utumishi wa umma, kutoonekana kazini kwa zaidi ya siku tano bila ruhusa ni kosa kubwa la nidhamu, na mtumishi anaweza kufukuzwa kazi kwa ajili yake. Muuguzi wetu angekuwa kitandani kwa mama yake akidhani yuko katika safari ya kurudi kazini, na huku anaandikwa mtoro.

Kosa la nne ni kuchanganya ombi na madai. Posho ilikuwa haki yake, lakini sentensi moja ya hasira ilifanya barua nzima isomeke kama ugomvi. Msomaji hakuweza kujua kama anaondoka kwa sababu ya mama au kwa sababu ya fedha.

Barua ya kwanza: kwa mwajiri

Katibu alimshauri aanze na mwajiri, kwa sababu jibu la mwajiri ndilo linaloamua mengine yote. Barua zote mbili ziliandikwa Jumatatu tarehe 1 Septemba 2025. Ukihesabu siku 60 kutoka hapo unafika Ijumaa tarehe 31 Oktoba. Jumamosi na Jumapili si siku za kazi kwake, kwa hiyo siku ya kuripoti ni Jumatatu tarehe 3 Novemba. Hakuna siku hata moja ya kazi iliyobaki bila mwenyewe.

Barua kwa mwajiri ilikuwa hivi:

> Mkurugenzi Mtendaji,
> Halmashauri ya Wilaya ya ……………
>
> Kupitia kwa: Mganga Mkuu wa Wilaya
>
> 1 Septemba 2025
>
> YAH: OMBI LA KUREJESHWA KITUO CHA KAZI CHA HALMASHAURI KABLA YA MUDA WA KUAZIMWA KWISHA
>
> Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> 2. Mimi ni Muuguzi Mkunga mwenye cheki namba ……………, niliyeazimwa kwa Kituo cha Afya cha Parokia ya …………… kuanzia tarehe 1 Julai 2024 hadi 30 Juni 2026, kwa barua yako yenye Kumb. Na. ……………
>
> 3. Naomba muda huo usitishwe na nirejeshwe katika kituo chochote cha halmashauri kilicho karibu na makao makuu ya wilaya, kuanzia Jumatatu tarehe 3 Novemba 2025. Sababu ni kwamba mama yangu mzazi alipata kiharusi mwezi Agosti na mimi ndiye mwangalizi wake. Nimeambatisha taarifa ya daktari.
>
> 4. Nimempa mwenyeji wangu taarifa ya siku 60 kama makubaliano yanavyotaka, kwa barua ya tarehe ya leo. Nitaendelea na kazi kituoni hadi Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025.
>
> 5. Ninaomba jibu la maandishi linalonielekeza mahali pa kuripoti. Mpaka nitakapolipata nitabaki katika kituo changu cha sasa.
>
> Naomba kuwasilisha.

Tazameni mambo machache. Hakuna neno *kujiuzulu* wala *kuacha kazi*. Kumbukumbu namba ya barua ya kuazimwa imetajwa, ili karani aweze kulipata jalada bila kubahatisha. Sababu ni moja na ina ushahidi. Hajachagua kituo kwa jina, maana kumpangia mwajiri kituo kunamrahisishia kusema hakuna nafasi. Aya ya tano ndiyo kinga yake: anasema wazi kwamba haondoki bila jibu, na kwa hiyo hakuna atakayemwita mtoro.

Hakuna maneno marefu kuhusu mshahara au pensheni, kwa sababu akirudi bila pengo, vyote vinaendelea kama kawaida. Akiwa na pengo ndipo anapoumia. Tuseme mshahara wake wa msingi ni shilingi 900,000. Mchango wake katika mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, PSSSF, ni asilimia 5, yaani 45,000, na wa mwajiri ni asilimia 15, yaani 135,000. Mshahara ukisimamishwa miezi mitatu, hakosi mshahara peke yake. Kuna pia shilingi 540,000 za michango ambazo hazikuingia, na huenda akalijua hilo miaka mingi baadaye, siku anapofuatilia mafao yake.

Barua ya pili: kwa mwenyeji

Barua ya pili ina kazi nyingine. Haiombi kituo wala haizungumzii jalada. Inampa mwenyeji tarehe, sababu kwa kifupi, na namna ya kukabidhi kazi.

> Katibu wa Afya wa Jimbo,
> Kupitia kwa: Mganga Mfawidhi, Kituo cha Afya cha Parokia ya ……………
>
> 1 Septemba 2025
>
> YAH: TAARIFA YA KUSITISHA MUDA WA KUAZIMWA
>
> Nakutaarifu kwamba, kwa sababu ya ugonjwa wa mama yangu mzazi, nimemwomba mwajiri wangu anirejeshe kabla ya tarehe 30 Juni 2026. Hii ni taarifa ya siku 60 kwa mujibu wa makubaliano. Siku yangu ya mwisho ya kazi kituoni itakuwa Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, mwajiri akiridhia.
>
> 2. Katika muda huu niko tayari kumwelekeza muuguzi atakayeshika nafasi yangu, na napendekeza makabidhiano yafanyike tarehe 29 na 30 Oktoba.
>
> 3. Mambo ya nyumba, vifaa na malipo ambayo hayajakamilika yaorodheshwe katika hati ya makabidhiano.
>
> Nawashukuru kwa ushirikiano mlionipa tangu Julai 2024.
>
> Nakala: Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, Katibu, Kamati ya Kituo.

Maneno "mwajiri akiridhia" ni machache lakini yanabeba uzito. Bila hayo, mwenyeji angeweza kumpa mtu mwingine nyumba na zamu hata kama halmashauri imekataa ombi. Na ukilinganisha barua hizi mbili, utaona tarehe ni zile zile na sababu ni ile ile. Siku afisa utumishi na Katibu wa Afya watakapopigiana simu, kila mmoja atakuwa ameshika habari moja.

Posho ambayo haijalipwa iende wapi?

Wengine watauliza: je, muuguzi amenyamaza kuhusu haki yake? Hapana. Aya ya tatu imeifungulia mlango. Katika hati ya makabidhiano iliandikwa: posho ya Julai na Agosti 2025, shilingi 200,000 kwa kila mwezi, jumla shilingi 400,000, haijalipwa. Pande zote mbili zilitia saini, na nakala ikaenda kwa mwajiri. Deni lililoandikwa kwa mwezi na kiasi, likatiwa saini na mdaiwa, lina nguvu kuliko malalamiko ya kurasa tatu.

Hata hivyo kuna mpaka. Ikiwa sababu ya kweli ya kuondoka ni kutendewa vibaya, kunyanyaswa, au kuagizwa kufanya jambo lisiloruhusiwa na taaluma, hiyo isifichwe nyuma ya "sababu za kifamilia". Iandikwe katika barua ya mwajiri pamoja na tarehe na matukio, kwa maneno makavu yasiyo na matusi. Katika barua ya mwenyeji itajwe kwa sentensi moja. Ukimwambia mmoja sababu hii na mwingine ile, siku ya kuulizwa hutaaminiwa popote.

Baada ya kupeleka

Kila barua ipelekwe ikiwa na nakala ya ziada, na nakala hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Siku 60 zinathibitishwa na muhuri huo. Muuguzi wetu alipeleka mwenyewe ya halmashauri siku ile ile, na ya mwenyeji akaikabidhi kwa Mganga Mfawidhi.

Wiki mbili zilipita kimya. Alirudi masjala na nakala yake yenye muhuri, akakuta barua imekwama kwa Mganga Mkuu wa Wilaya ikisubiri maoni ya mwenyeji. Mwenyeji naye alikuwa akisubiri halmashauri iseme kwanza. Kamati ilipoandika mistari mitano kwamba haina pingamizi, jalada likasogea. Jibu lilitoka tarehe 13 Oktoba. Kama lisingetoka, angebaki kazini hata baada ya tarehe 31, kama alivyoandika mwenyewe.

Ikitokea mwenyeji akakasirika na kumwambia mtumishi aondoke siku hiyo hiyo, mtumishi aombe agizo hilo kwa maandishi. Akinyimwa, aandike mwenyewe kilichosemwa, na nani, na saa ngapi, kisha aripoti kwa mwajiri siku ya kazi inayofuata. Asiende nyumbani kusubiri.

Kamati inayo sehemu yake

Kwanza, kamati ijibu barua ndani ya wiki moja. Tumeona jinsi ukimya ulivyokwamisha jalada. Kumzuia mtu kwa kutojibu hakumfanyi abaki. Kunamfanya aondoke vibaya.

Pili, makabidhiano yafanyike kwa vitu, siyo kwa maneno. Katika wodi ya wazazi yalikabidhiwa rejista za MTUHA, funguo, vifaa vya kuzalishia kwa idadi, na dawa ya oksitosini kwenye jokofu, ambayo inahitaji nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. La muhimu zaidi ilikuwa orodha ya akina mama waliotarajiwa kujifungua Novemba na Desemba, na kati yao wale wenye vidokezo vya hatari: aliyewahi kupasuliwa, mwenye shinikizo la damu, na mwenye mapacha. Habari hizo zilikuwa kichwani mwa muuguzi mmoja. Zisingeandikwa, zingepanda naye basi.

Tatu, wafadhili waambiwe mapema. Kuanzia Novemba 2025 hadi Juni 2026 ni miezi minane. Posho iliyotengwa kwa nafasi hiyo ni shilingi 1,600,000 ambazo hazitatumika kama ilivyopangwa, isipokuwa halmashauri ilete muuguzi mwingine. Kamati isizihamishie kwenye rangi ya ukuta au mafuta ya gari kwa sababu tu zimebaki. Iandikie wafadhili mwezi ule ule, ieleze kilichotokea, iseme pia kwamba miezi miwili ya posho ilichelewa na kwa nini, kisha iombe ridhaa kwa maandishi kuhusu matumizi mapya. Na ninyi wafadhili, mkipata barua ya namna hiyo, ipokeeni kama dalili ya hesabu zinazoangaliwa.

Muuguzi aliripoti kazini tarehe 3 Novemba saa moja na nusu asubuhi. Mshahara wake haukukatika. Deni la shilingi 400,000 lililipwa Desemba. Wodi ilikaa wiki tano na mkunga mmoja kabla halmashauri haijaleta wa pili, na hilo hakuna barua ambayo ingeliondoa. Lakini mkunga aliyebaki alikuwa na orodha mkononi.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Kituo chetu kina watumishi wangapi wa kuazimwa? Makubaliano ya kila mmoja yako wapi, na yanasema notisi ni ya siku ngapi?
2. Je, kuna posho yoyote iliyoahidiwa na haijalipwa? Ni ya miezi gani na ni kiasi gani?
3. Mkunga wetu akiondoka kesho, ni habari zipi za wagonjwa ambazo hazijaandikwa popote?
4. Barua ya mtumishi ikitufikia leo, nani ataijibu, na kabla ya tarehe gani?